Kutoa orodha ya kazi kwenye picha ya mchoro wa Gantt: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kupanga ratiba za ujenzi hapa Tanga, nyingi zikiwa nyumba za kawaida za Makorora, Mikanjuni na kuelekea Pongwe. Wahandisi hutengeneza ratiba kwenye kompyuta zao, kisha wanachotuma ni picha ya skrini tu. Picha haibadiliki. Lori la mchanga likichelewa siku mbili, huwezi kuisukuma picha ikuonyeshe paa litaanza lini. Ndiyo maana watu wananiuliza namna ya kuigeuza iwe orodha: kazi gani, inaanza lini, inachukua siku ngapi, inasubiri kazi ipi.

Majibu yote hapa chini yanatumia picha moja, ratiba ya nyumba ya vyumba vitatu Makorora inayoanza Jumatatu, 1 Juni 2026, masika yakiwa yameshapita. Ina kazi nane na hakuna safu ya tarehe pembeni. Kuna majina ya kazi kushoto, mistatili ya rangi kulia, na mishale michache. Ule mstatili wa kila kazi nitauita mwambaa.

Je, siwezi kukadiria kwa macho tu?

Kwa kazi mbili tatu, unaweza. Zikifika nane macho yanachoka, na kosa la siku moja kwenye kazi ya pili linabebwa hadi kwenye paa. Pima. Haichukui zaidi ya nusu saa.

Napimaje tarehe kwenye picha?

Fungua picha kwenye Paint. Ukipeleka kishale popote, chini kushoto zinaonekana namba mbili. Ya kwanza ndiyo unayoitaka: inasema uko pikseli ngapi kutoka ukingo wa kushoto wa picha. Usiikuze wala kuipunguza picha yenyewe katikati ya kazi. Kuisogeza karibu ili uone vizuri hakuna shida, maana namba hazibadiliki.

Tafuta mistari miwili ya wima ambayo tarehe zake zimeandikwa juu, iliyo mbali kadiri inavyowezekana. Kwenye picha ya Makorora mstari wa 1 Juni uko kwenye 412, na wa 29 Juni uko kwenye 972. Kati yao kuna pikseli 560 na siku 28, kwa hiyo siku moja ni pikseli 20. Hiyo ndiyo rula yako. Hakikisha kwa mstari wa tatu wa katikati: 15 Juni inatakiwa iwe kwenye 692. Ikiwa hapo, endelea. Ikiwa 700, kuna kitu kimepinda, nami nitalieleza hilo mbele kidogo.

Sasa chukua mwambaa wa ukuta. Ukingo wake wa kushoto uko 612. Ondoa 412, inabaki 200, gawa kwa 20, unapata 10. Siku kumi baada ya 1 Juni ni 11 Juni, Alhamisi. Ukuta unaanza siku hiyo.

Na mwisho wa kazi nausoma hivyo hivyo?

Karibu hivyo hivyo, ila kuna siku moja ya kuondoa, na hapa ndipo nimeona watu wengi wakiteleza. Ukingo wa kulia wa ukuta uko 792. Ukitoa 412 na kugawa kwa 20 unapata 19, yaani 20 Juni. Lakini mstari wa 20 Juni ni mwanzo wa siku hiyo, alfajiri yake. Mwambaa unaoishia kwenye mstari huo umemaliza kazi jioni ya tarehe 19. Kwa hiyo mwisho ni Ijumaa, 19 Juni.

Utajuaje kama umelisahau hilo? Angalia orodha yako: kila kazi itakuwa inaishia siku ile ile inayoanza kazi inayoifuata. Msingi unaisha tarehe 11 na ukuta unaanza tarehe 11, ukuta unaisha tarehe 20 na lenta inaanza tarehe 20. Ukiona hivyo kwenye orodha nzima, si kwamba mafundi wanapishana mchana. Ni siku moja imezidi kila mahali.

Kwenye Excel, ukiweka jina la kazi safu ya A, ukingo wa kushoto B na wa kulia C, mwanzo unakaa D na mwisho E:

```
D2:  =DATE(2026,6,1)+ROUND((B2-412)/20,0)
E2:  =DATE(2026,6,1)+ROUND((C2-412)/20,0)-1
```

Kompyuta nyingine hutaka nukta mkato mahali pa mkato kwenye fomula. Ikikataa, jaribu hivyo kwanza. Ile `ROUND` iache ilivyo, kwa sababu programu nyingine huchora mwambaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni badala ya siku nzima, na kuzungusha namba kunaurudisha kwenye siku yake sahihi.

Muda wa kazi ni siku za kalenda au siku za kazi?

Picha inaonyesha kalenda. Ratiba yenyewe inahesabu siku za kazi. Mwambaa wa ukuta una urefu wa pikseli 180, yaani siku tisa za kalenda, kuanzia Alhamisi tarehe 11 hadi Ijumaa tarehe 19. Ndani yake kuna Jumapili moja, tarehe 14. Kama site inafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, muda ni siku 8.

Lakini utajuaje kwamba Jumamosi wanafanya kazi? Baadhi ya picha huweka kivuli kwenye siku za mapumziko, basi umeshajibiwa. Hii haikuwa na kivuli. Nilitazama siku ambazo miambaa inaanzia. Bomba za umeme zinaanza Jumamosi, 13 Juni. Lenta inaanza Jumamosi, 20 Juni. Hakuna hata kazi moja inayoanza Jumapili. Aliyepanga ratiba ya siku tano kwa wiki asingeanzisha kazi mbili Jumamosi, kwa hiyo wiki ya hapa ni ya siku sita.

Fomula inayoiacha Jumapili peke yake ni hii. Namba 11 ndiyo inayosema hivyo, na J2 ni mahali nilipoandika tarehe ya sikukuu:

```
F2:  =NETWORKDAYS.INTL(D2,E2,11,$J$2)
```

Sikukuu nazishughulikiaje?

Kwa ratiba hii iliyopo ni moja, Saba Saba, inayoangukia Jumanne, 7 Julai 2026. Inagusa kazi moja tu, kupaua, ambayo kwenye picha inaanzia Jumanne, 30 Juni na kuishia Jumatano, 8 Julai. Hizo ni siku tisa za kalenda. Toa Jumapili ya tarehe 5, zinabaki nane. Toa Saba Saba, zinabaki saba.

Sasa ni saba au nane? Picha haiwezi kukujibu. Kama mhandisi aliweka sikukuu kwenye kalenda yake, aliandika siku 7 na mwambaa ukaruka Saba Saba. Kama hakuiweka, aliandika siku 8 na mwambaa ukapita juu yake. Michoro yote miwili inafanana kabisa. Mimi huandika 7 na kuweka alama ya kuuliza pembeni, halafu namuuliza mwenyewe. Kuchanganya ndiko kunakoumiza: ukiandika siku 8 na huku Saba Saba umeiweka kwenye orodha ya sikukuu, paa litaishia tarehe 9, siku moja nje ya picha.

Kwa nini kumwagilia lenta kunaleta matatizo kila mara?

Kwa sababu zege halina Jumapili. Likishamwagwa linahitaji maji siku saba mfululizo, na saidia fundi au mlinzi anafungua mpira wa maji hata siku ya mapumziko. Kwenye picha, mwambaa wa kumwagilia unaanza Jumanne, 23 Juni na kuishia Jumatatu, 29 Juni. Una pikseli 140, siku saba kamili. Fomula ya siku za kazi itakupa 6, kwa kuwa imeitoa Jumapili ya tarehe 28. Hiyo sita si muda wa kazi hii. Muda wake ni saba za kalenda.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kuandika 7 na kuiacha kompyuta izihesabu kama siku za kazi. Itaruka Jumapili na kumaliza Jumanne tarehe 30, na paa litaanza Jumatano, 1 Julai. Nililifanya kosa hilo kwenye nyumba moja ya Mikanjuni. Niliwaambia mafundi wa paa waje Jumatano. Mbao zilikuwa zimeagizwa kwa kufuata picha ya mhandisi, zikateremshwa kutoka Lushoto Jumanne asubuhi. Hapakuwa na mtu wa kuzipokea wala kuzipanga, zikalala kando ya barabara, na mwenye nyumba akalipa mlinzi wa usiku ambaye hakuwa kwenye hesabu yake. Tangu siku hiyo kazi yoyote ya kusubiri, iwe zege, plasta au rangi kukauka, naiwekea alama yake peke yake.

Kwenye MS Project muda wa namna hiyo huandikwa `7ed` badala ya `7d`. Kwenye Excel usitumie fomula ya siku za kazi kwenye mstari huo. Mwisho ni mwanzo, ongeza saba, toa moja.

Mishale naisomaje?

Angalia mambo mawili: mshale unatoka ukingo upi, na unaingia ukingo upi. Ukitoka kulia mwa kazi moja na kuingia kushoto mwa nyingine, maana yake ya kwanza iishe ndipo ya pili ianze. Huo ndio mwingi, na huandikwa `FS`. Ukitoka kushoto na kuingia kushoto, kazi mbili zinahusiana mwanzo kwa mwanzo, `SS`. Kulia kwa kulia ni `FF`, zimalizike pamoja au moja isiishe kabla ya nyingine.

Kwenye picha yetu kuna mmoja wa mwanzo kwa mwanzo, kutoka ukuta kwenda bomba za umeme. Fundi umeme hasubiri ukuta uishe, anasubiri uinuke kidogo apate pa kulaza bomba. Ukuta unaanza Alhamisi tarehe 11, bomba zinaanza Jumamosi tarehe 13. Alhamisi na Ijumaa zimepita, kwa hiyo kuna kusubiri kwa siku mbili za kazi. Kwenye safu ya kazi tangulizi inaandikwa `4SS+2`, ambapo 4 ni namba ya ukuta kwenye orodha.

Mishale ikipita juu ya mingine, usifuate rangi, fuata kona. Mshale mmoja hugeuka kwa pembe, na kichwa chake ndicho kinachokuambia umefika. Sogeza picha karibu na uufuate kuanzia kichwani kurudi nyuma, kwa sababu kila kichwa kina kazi moja tu, ilhali mkiani mishale kadhaa inaweza kutoka mahali pamoja.

Kama hakuna mishale, nikiona kazi moja inaisha na nyingine inaanza kesho yake, niziunganishe?

Ziandike, lakini kama dhana. Miambaa miwili kufuatana kunaweza kuwa utegemezi wa kweli, au ni fundi mmoja anayetoka huku kwenda kule, au imetokea tu. Na kinyume chake ni hatari zaidi: utegemezi wa kweli unaweza kuwepo bila mshale na bila kugusana.

Tazama kuleta tofali. Inaanza 1 Juni na kuisha Jumamosi, 6 Juni. Ukuta unaanza tarehe 11. Kwenye picha hakuna mshale kati yao na kuna pengo katikati, lakini hakuna ukuta bila tofali. Ukiacha orodha bila kiungo hicho, lori likikwama wiki nzima orodha itaendelea kusema ukuta unaanza tarehe 11. Ukikiweka, orodha inakuonyesha kitu cha maana: kati ya tarehe 6 na 11 kuna siku tatu za kazi, Jumatatu hadi Jumatano. Lori linaweza kuchelewa siku tatu bila kuisogeza nyumba. Siku ya nne inaisogeza.

Mimi huwa na safu ya ziada yenye neno moja kati ya mawili, "mshale" au "dhana". Atakayeipokea orodha ajue kipi nimekiona na kipi nimekifikiria mwenyewe.

Orodha iliyokamilika inaonekanaje?

Ya Makorora ilitoka hivi. Safu ya mwisho ni kazi tangulizi, na alama ya kuuliza ni dhana au jambo la kuthibitisha.

```
1  Kuchimba msingi          1 Juni   4d
2  Zege na kuta za msingi   5 Juni   5d   1FS
3  Kuleta tofali            1 Juni   6d
4  Ukuta hadi lenta        11 Juni   8d   2FS, 3FS?
5  Bomba za umeme          13 Juni   6d   4SS+2
6  Lenta                   20 Juni   2d   4FS, 5FS?
7  Kumwagilia lenta        23 Juni   7ed  6FS
8  Kupaua                  30 Juni   7d?  7FS
```

Lenta inaweza kukushangaza. Mwambaa wake una siku tatu za kalenda, Jumamosi hadi Jumatatu, ila Jumapili imo katikati, ndiyo maana ni 2.

Nitajuaje kama orodha yangu iko sawa na picha?

Nakili karatasi yako, na kwenye nakala ugeuze muda wa safu ya F kuwa namba tupu bila fomula. Futa humo tarehe ulizozipima, kisha uzitengeneze upya kutoka kwenye muda na utegemezi peke yake. Anza na 1 Juni. Mwisho wa kazi, na mwanzo wa kazi inayoifuata, ni hivi:

```
=WORKDAY.INTL(D2-1,F2,11,$J$2)
=WORKDAY.INTL(E2,1,11,$J$2)
```

Ya kwanza inarudi siku moja nyuma kabla ya kuhesabu, kwa sababu siku ya kuanza nayo ni siku ya kazi. Linganisha tarehe zilizotoka na zile ulizopima. Zikilingana zote nane, umemaliza. Zisipolingana, tofauti yenyewe inakuelekeza. Siku moja inayoanzia kwenye kazi ya kusubiri na kuendelea hadi mwisho ni Jumapili iliyorukwa. Siku moja inayoanzia karibu na sikukuu ni sikukuu. Kazi iliyorudi nyuma sana, mpaka siku ya kwanza ya mradi, haina kazi tangulizi: umeukosa mshale wake.

Ukiiingiza kwenye MS Project, kumbuka kalenda yake ya kawaida ni Jumatatu hadi Ijumaa. Ifanye Jumamosi kuwa siku ya kazi na uingize Saba Saba kabla ya kubandika kitu chochote, la sivyo tarehe nyingi zitasogea.

Picha yangu imetumwa WhatsApp na haisomeki vizuri. Bado inafaa?

Pima kwanza siku moja ina pikseli ngapi. Kwa 20, hata ukikosea pikseli tatu bado uko ndani ya siku yako. WhatsApp hupunguza picha, na ratiba ndefu ya miezi sita inaweza kubaki na pikseli nne kwa siku. Hapo kosa la pikseli tatu ni karibu siku nzima. Mwombe aliyekutumia aitume tena kama faili, si kama picha, maana faili haipunguzwi. Asipokuwa nayo, andika wiki tu, wala usiweke tarehe ambazo huwezi kuzitetea.

Picha iliyopigwa kwa simu mbele ya kompyuta ni shida nyingine. Upande mmoja huwa mbali na kamera, kwa hiyo siku za upande huo ni nyembamba. Ule mstari wa katikati niliosema uuhakikishe ndio unaokufichulia hilo. Dawa yake ni kupima kila mwezi kwa rula yake.

Vipi zile alama nyingine: almasi, mwambaa mweusi, mstari mwekundu?

Almasi ni tukio lisilo na muda, kama kukabidhi nyumba. Siku 0, na tarehe isome katikati ya almasi. Mwambaa mweusi wenye ncha zilizoinama chini ni jumla ya kazi zilizo chini yake. Usiuweke kama kazi, utahesabu siku mara mbili. Mstari mwembamba ndani ya mwambaa ni sehemu iliyokwisha kufanyika, usiuchukulie kama mwisho. Mstari wa wima unaokatiza ratiba nzima kwa kawaida ni siku ambayo picha ilipigwa.

Juu pameandikwa 6/7. Ni Juni au Julai?

Tazama tarehe zinazofuata. Zikiwa 6/7, 6/14, 6/21, hakuna mwezi wa 14, kwa hiyo ni Juni kwa mtindo wa Marekani. Hapo angalia pia kalenda: 7 Juni 2026 ni Jumapili, maana yake wiki za picha hiyo zinaanza Jumapili, na rula yako iwekwe hapo.

Nimuulize nini mwenye mchoro bila kumsumbua?

Muulize yale tu ambayo picha haiwezi kuyasema, na umuulize kwa pamoja. Kwa ratiba ya Makorora nilimwandikia hivi:

"Habari za kazi, mhandisi. Nimeitoa ratiba yako kwenye picha, tarehe zote zinalingana. Naomba unithibitishie matatu. Kupaua ni siku 7 na Saba Saba mapumziko, au siku 8 na mnafanya kazi? Ukuta unasubiri tofali zote zifike, au nusu inatosha kuanza? Na lenta inasubiri fundi umeme amalize?"

Alijibu jioni. Saba Saba ni mapumziko. Tofali nusu zinatosha kuanza ukuta, kwa hiyo nilikigawa kiungo cha tofali: kazi ya 3 ikawa safari mbili za siku tatu tatu, na ukuta unasubiri ile ya kwanza tu, inayoisha Jumatano, 3 Juni. Lenta inamsubiri fundi umeme, lazima, kwa sababu bomba zinapita ndani yake kwenda darini. Ile `5FS` ikatolewa alama ya kuuliza.